Ukungu mweupe na utando wa kijani juu ya udongo wa chungu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimeamka nimekuta manyoya meupe juu ya udongo. Mmea wangu utakufa?

Kwa sababu ya manyoya hayo peke yake, hapana. Unachokiona ni nyuzi za kuvu inayokula vitu vilivyokwisha kufa: vipande vya magome ya miti, makumbi ya nazi, mboji ambayo haijaiva sawasawa, jani lililodondoka juzi likaachwa pale pale. Mzizi ulio hai na wenye afya si chakula chake. Mimea mingi huishi miaka na kuvu za namna hii chunguni bila mwenyewe kujua, kwa kuwa kazi yao hufanyika chini, gizani. Tunaziona tu siku zinapojitokeza juu.

Swali linalofaa ni hili: kwa nini uso wa udongo umebaki na maji siku nyingi kiasi cha kuvu kuota hadharani? Udongo ambao uso wake unakauka ndani ya siku mbili au tatu baada ya kumwagiliwa hauoti manyoya. Kwa hiyo mimi huuangalia ukungu mweupe kama kipimo cha maji. Haujaudhuru mmea, ila unakwambia kwamba huenda maji yanaudhuru.

Udongo ni mpya kabisa, nimefungua mfuko wiki iliyopita. Ukungu umetoka wapi?

Umetoka humo humo mfukoni, na pia hewani. Mbegu za kuvu, yaani spora, zimo karibu kila mahali, na hakuna udongo wa kuoteshea uliochanganywa na mboji usiokuwa nazo. Udongo mpya ndio unaoota zaidi, kwa sababu bado una chakula kingi rahisi ambacho hakijaliwa. Chakula hicho kikipungua, mara nyingi baada ya wiki kadhaa, manyoya hupotea yenyewe. Mfuko uliokaa umefungwa ukiwa na unyevu ndani unaweza kukutwa na mabonge yaliyoshikanishwa na nyuzi nyeupe. Yavunje, utandaze udongo upate hewa siku moja, kisha utumie.

Nitajuaje kama ni ukungu kweli, si chumvi wala wadudu?

Hapa ndipo watu wengi hukosea, maana vitu vitatu tofauti kabisa vinaonekana vyeupe kwa mbali, na kila kimoja kina dawa yake. Chukua kijiti cha meno na chupa ya kupulizia maji, uiname karibu na chungu.

Gusa weupe kwa kijiti. Ukungu unalala chini kama pamba iliyolowa, na ukiuvuta unatoka kama utando wa buibui. Ukiupulizia maji unanywea, karibu kutoweka machoni, halafu siku inayofuata unainuka tena.

Chumvi ni ngumu. Inakwaruzika kama gamba, inavunjika vipande vidogo, na mara nyingi haiko juu ya udongo tu: imezunguka ukingo wa chungu, na kama chungu ni cha mfinyanzi imejitokeza hata ubavuni, kwa nje, ikiwa na rangi nyeupe au ya manjano hafifu. Hayo ni mabaki ya mbolea na chokaa ya maji. Maji hupanda juu na kuwa mvuke, chumvi hubaki. Ukidondoshea tone la siki kwenye kipande ulichokibandua na kikatoa povu, hapo kuna chokaa. Chumvi ikizidi huunguza ncha za mizizi, na majani huanza kukauka kwenye ncha na kingo. Ondoa gamba la juu, kisha pitisha maji mengi chunguni, kama mara mbili au tatu ya ujazo wa chungu, yatoke yote kwa chini.

Wadudu ni vidung'ata. Hawa hujificha ndani ya vitu kama vipamba vidogo, na hawatandi sawasawa kama ukungu, bali hukaa mafungu mafungu: kwenye shingo ya mmea, kwenye makwapa ya majani, na wale wa mizizini kwenye ukuta wa ndani wa chungu. Ukiukuta mmea umedumaa bila sababu, utoe chunguni uangalie. Kipamba kimoja ukikiminya kwa kijiti kikatoa majimaji, huyo ni mdudu, na ukurasa huu hautakusaidia sana kwake.

Kwani hakuna ukungu mweupe ulio hatari?

Upo, lakini haukai mahali pale pale na hauna sura ile ile. Angalia shina pale linapokutana na udongo. Ukiona nyuzi nyeupe nzito zimelizunguka shina na kulipanda zikitawanyika kama upepeo, huku mmea umenyauka ilhali udongo una maji, na baada ya siku chache katikati ya nyuzi hizo kukatokea vidonge vya mviringo vinavyogeuka kahawia, vidogo kama mbegu za haradali, hiyo ni kuvu inayoozesha shina. Ng'oa mmea, utupe pamoja na udongo wake, wala usiupeleke kwenye lundo la mboji. Vidonge vile ndivyo vinavyoihifadhi kuvu, na hukaa udongoni miaka kadhaa.

Cha pili ni unga mweupe juu ya majani. Huo ni ugonjwa wa majani, nao hautokani na manyoya ya udongoni. Usianze kubadilisha udongo kwa sababu yake.

Na utando wa kijani? Huo nao ni ukungu?

Hapana, huo ni mwani. Ukungu hauhitaji mwanga. Mwani unauhitaji, kwa sababu unajitengenezea chakula kwa jua kama mimea mingine. Mahitaji yake ni matatu: uso wenye maji, mwanga, na virutubisho, hasa naitrojeni na fosforasi. Chungu kinachomwagiliwa kidogo kidogo kila siku, kikapewa mbolea ya maji na kuwekwa dirishani, kimekamilisha vyote. Ndiyo maana ndani ya vyungu vya plastiki vinavyopitisha mwanga utaona kijani kimepanda ukutani, upande unaoelekea dirisha tu.

Mwani haunyonyi mmea. Unakula sehemu ndogo ya mbolea, lakini kiasi hicho hakifikii kuunyima mmea wako. Tatizo lake ni la namna nyingine: ukiachwa muda mrefu, unashikamana na vumbi la udongo na kuwa ngozi. Ngozi hiyo ikikauka inakuwa kama karatasi ngumu, na maji hayapenyi vizuri. Kuna jaribio rahisi. Mimina nusu kikombe cha maji katikati ya chungu, pole pole. Yakizama ndani ya sekunde chache, mwani wako ni pambo tu. Yakisimama, au yakikimbilia pembeni na kutokea chini mara moja, ngozi imekwisha kufunga, na inawezekana katikati ya mizizi ni pakavu wakati wewe unaamini umemwagilia. Ivunje kwa uma wa zamani, uitoe vipande vipande.

Ukikuta kitu cheusi au kijani cha giza chenye utelezi mnene kama jeli, kichukulie vivyo hivyo. Ni ndugu wa karibu kwa tabia, na kinapenda mahali pale pale palipolowa.

Nimekwangua mara tatu, na kila mara unarudi. Nakosea wapi?

Huenda hukosei kwenye kukwangua, unakosea kwenye kiasi cha maji au ukubwa wa chungu. Nitaeleza kisa changu mwenyewe, kwa kuwa nilipoteza karibu miezi miwili nikihangaika na uso wa udongo wakati shida ilikuwa chini.

Nilikuwa na mshubiri mdogo, mzizi wake wote haukuzidi ngumi ya mtu mzima. Nikauhamishia kwenye chungu cha plastiki chenye upana wa sentimita 25, nikiamini naupa nafasi ya kukua, nikakitumbukiza ndani ya chungu kingine cha mapambo kisicho na tundu. Kila wiki nusu lita ya maji. Wiki ya tatu manyoya meupe yakatokea. Nikakwangua. Baada ya siku nne au tano yakarudi. Nikanyunyiza mdalasini, yakarudi kupitia kwenye mdalasini wenyewe.

Mwishowe nikakiweka chungu kwenye mizani ya jikoni. Baada ya kumwagilia kilikuwa na kilo 6.4. Siku ya saba kilikuwa na kilo 6.1. Yaani kwa wiki nzima mmea na hewa vilitumia gramu 300 tu, na mimi nilikuwa nikirudisha gramu 500. Kila wiki gramu 200 zilikosa pa kwenda, zikawa zinatuama kwenye chungu cha mapambo ambacho sikuwahi kukitazama ndani. Nilipokitazama nikakuta maji ya kahawia kama vidole viwili, yananuka kama yai viza.

Nikautoa mmea. Udongo wa pembeni, ambako hakukuwa na mzizi hata mmoja, ulikuwa unachuruzika. Mizizi mitatu ya chini ilikuwa imeshaanza kuwa kahawia, na nikiishika ngozi yake inavuka na kuacha uzi katikati. Hiyo ndiyo dalili ya mzizi uliooza. Nikakata sehemu zilizooza, nikauacha mmea siku mbili kivulini majeraha yakauke, nikaupanda kwenye chungu cha mfinyanzi cha sentimita 14, udongo nusu na mchanga mnene nusu. Chungu hicho kipya kilipungua kutoka kilo 1.7 hadi kilo 1.3 kwa wiki moja. Manyoya hayakuonekana tena, na sikuweka dawa yoyote.

Mshubiri ni mmea wa maji machache, kwa hiyo kwako namba zitakuwa tofauti. Njia ya kupima ni ile ile: pima chungu siku ya kumwagilia, pima tena siku unayodhani ni zamu ya kumwagilia. Kama hakijapungua sana, subiri. Usipokuwa na mizani, kinyanyue kwa mkono kila siku, mkono utajifunza ndani ya wiki mbili.

Sawa, leo hii nifanye nini na chungu changu?

Kama mmea hauonyeshi dalili mbaya, kazi ni ya dakika kumi. Lowesha uso kidogo kwa chupa ya kupulizia ili spora zisipeperuke, chota sentimita moja au mbili za juu kwa kijiko, utupe, uweke udongo mpya mkavu. Okota majani yaliyokufa yote, hata yale yaliyojificha chini ya shina. Mwaga maji ya kwenye kisahani. Sogeza chungu mahali penye mwanga zaidi na upepo unaopita, kwa kadiri mmea unavyostahimili.

Kisha ngoja. Usimwagilie mpaka kidole kikiingia hadi kiungo cha pili kisikute unyevu, isipokuwa kwa mimea ya majimaji kama kangaga, ambayo ngoja uso tu ukauke. Na siku ya kumwagilia, mwaga maji ya kutosha mpaka yatoke chini, kisha yaondoe. Kunyunyiza kidogo kidogo kila asubuhi ndiko kunakolisha ukungu na mwani: uso haukauki hata siku moja, na mizizi ya chini haipati kitu.

Kwa mwani, ongeza jambo moja. Funika uso kwa kokoto ndogo au mchanga mnene, unene wa sentimita moja. Mwanga haufiki kwenye udongo, na kijani hakina pa kushika. Ubaya wake ni kwamba kokoto huficha unyevu, kwa hiyo usikisie kwa macho. Ingiza kijiti cha mbao hadi chini, ukitoe. Kikitoka na udongo ulioganda, bado kuna maji.

Mdalasini, siki, soda ya kuokea, haidrojeni peroksaidi: kipi kinafaa?

Mdalasini una uwezo wa kuzuia kuvu, lakini juu tu ulikoangukia. Ukiumwaga mwingi unaganda ukawa tabaka lisilopitisha maji. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kuoshea vidonda, huua kinachoonekana, hutoa povu, na baada ya muda mfupi inageuka maji na oksijeni. Wakati huo huo imeua na viumbe vyema vya udongoni, na sababu ya unyevu bado ipo. Siki huunguza mizizi, isikaribie chungu chenye mmea. Soda ya kuokea ina sodiamu, ambayo hujikusanya udongoni, nayo mmea hauihitaji. Dawa za kuua kuvu za dukani ni kupoteza fedha kwa ukungu huu.

Nimeshauriwa kumwagilia kwa chini. Ni sawa?

Ni sawa kwa sehemu. Unaweka chungu kwenye beseni lenye maji ya sentimita 3 hivi, unasubiri dakika 20 hadi 30, unakitoa kichuruzike. Ukikitoa kabla maji hayajafika juu, uso unabaki mkavu na ukungu unakosa pa kuanzia. Tatizo ni kwamba maji yanayopanda hubeba chumvi juu, kwa hiyo ukifanya hivyo miezi yote utaondoa manyoya meupe ukapata gamba jeupe. Kila baada ya mara nne au tano, mwagilia kwa juu mpaka maji yapite yote.

Trei yangu ya miche imejaa manyoya. Huko nako nisijali?

Huko jali. Manyoya yenyewe si lazima yawe adui, ila hali inayoyaotesha ndiyo ile ile inayoleta kinyausi, na mche hauna akiba ya kupigana. Kinyausi utakijua hivi: jana mche ulikuwa umesimama, leo umelala, na ukiuangalia pale shina linapogusa udongo utaona pamekuwa pembamba kama uzi, pamelainika, rangi ya maji. Mche ulioanguka hivyo hauinuki tena. Ng'oa pamoja na udongo wake wa karibu, uangalie majirani.

Kifuniko cha plastiki ni cha kuoteshea mbegu tu. Mbegu nyingi zikishachomoza, kiondoe siku hiyo hiyo. Punguza miche iliyosongamana, mwagilia kwa chini, weka feni ndogo ipulize kwa mbali. Na usijaze trei udongo uliotumika zamani au uliochanganywa na samadi mbichi.

Vinzi vyeusi vidogo vinaruka kila nikigusa chungu. Vinahusiana?

Ndiyo. Hutaga mayai kwenye udongo uliolowa, na viluwiluwi vyao, vyeupe vyenye kichwa cheusi, hula kuvu na mwani. Vikiwa vingi hutafuna pia vinyweleo vya mizizi, jambo linaloumiza miche zaidi kuliko mmea mkubwa. Ukikausha sentimita 3 za juu, mayai na viluwiluwi vingi hufa. Karatasi ya njano yenye gundi itanasa wale wanaoruka, na itakuonyesha kama wanapungua.

Chungu changu cha mfinyanzi kimekuwa kijani kwa nje. Nikioshe?

Si lazima. Mfinyanzi hupitisha maji kupitia ukuta wake, na mwani huota pale panapobaki pabichi. Wengine tunaipenda rangi hiyo. Usipoipenda, sugua kwa brashi ngumu na maji ya moto. Kama chungu kimebaki kitupu na mmea uliokuwamo ulikufa kwa kuoza, kisugue kwanza, halafu kiloweke dakika 30 kwenye maji yenye klorini ya kufulia, sehemu 1 ya klorini kwa sehemu 9 za maji, kisha kisuuze mara kadhaa. Usichanganye klorini na siki hata kidogo, hewa inayotoka ni sumu.

Ukungu huu unaweza kuniumiza mimi au watoto?

Kwa watu wengi, la. Mwenye pumu, mzio wa ukungu au kinga dhaifu asikae na vyungu vyenye manyoya chumbani anamolala, na kazi ya kukwangua aifanye mwingine, nje, akiwa na barakoa. Mfuko wa udongo ufungue mbali na uso, ulowe kidogo kabla ya kuumimina, na unawe mikono baadaye. Udongo wa kuoteshea unaweza kuwa na bakteria wa Legionela, ambao vumbi lake likivutwa huweza kuleta homa ya mapafu.

Baada ya manyoya pameota uyoga wa njano. Nao?

Ni kuvu ile ile ya kula vilivyokufa, sasa imefikia hatua ya kuzaa. Uyoga mdogo wa njano ya limau unaoota sana vyunguni hauudhuru mmea, ila ukiliwa unaweza kuleta kichefuchefu na kutapika. Kama nyumbani kuna mtoto anayetambaa au paka mtafunaji, ung'oe kabla kofia haijafunguka, kwa maana ikishafunguka imemwaga spora na utauona tena. Pasipo na mtoto wala paka, mimi huuacha siku zake mbili tatu uishe wenyewe.